Mikono inakufa ganzi usiku, na mimi ni msusi

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 39, ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga na kazi yangu ni ususi. Nimepanga kiti kwenye saluni ya mtu, kwa hiyo siku nisiposuka siku hiyo sina kitu.

Tangu mwaka jana mikono yangu inakufa ganzi usiku. Ulianza wa kulia. Saa nane au saa tisa usiku naamshwa na vidole vinavyochomachoma kama vimejaa sindano. Nahisi vimevimba, lakini nikiwasha taa naona viko kawaida. Naukung'uta mkono, nauning'iniza pembeni ya kitanda, baada ya muda unapoa nalala tena. Sasa na wa kushoto umeanza. Hali kama hii ilinipata nikiwa na mimba ya mtoto wa mwisho, ikaisha nilipojifungua, ndiyo maana sikuitilia maanani.

Kinachonitisha ni kwamba sasa imeingia mchana. Nikisuka rasta ndogondogo, haipiti saa moja vidole vyote vimekufa ganzi. Nimeanza kuangusha kitana mbele ya wateja, na asubuhi vifungo vya shati la shule la mwanangu vinanishinda.

Duka la dawa walinipa daiklofenaki na vidonge vya vitamini B. Nimemaliza, nikarudia, sioni tofauti. Mama mkwe anasema ni husda ya wasusi wenzangu. Mume wangu anasema ni uchovu tu. Dada yangu anasema jirani yake alipasuliwa mkono kwa tatizo kama hili na mpaka leo hawezi kukamua nguo. Mimi nawaza kisukari, kwa sababu mama yangu anacho.

Shaabani imekaribia, harusi ni nyingi, kisha Ramadhani na Idi. Naogopa daktari ataniambia niache kusuka. Nivumilie mpaka Idi ipite, au niende sasa? Na hizi bandeji za kifundo cha mkono zinazouzwa madukani zinasaidia kweli?

Msusi, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Kabla ya yote nataka nikuulize kuhusu neno moja uliloandika: vidole vyote. Karibu kila mtu aliyekuja kwetu fiziotherapia na shida ya namna hii alisema vidole vyote, na wengi wao walipoangalia vizuri wakakuta kidole cha mwisho kimesalimika. Ukishtuka usiku huu au kesho, usikimbilie kuukung'uta mkono. Washa taa, tumia mkono mwingine kugusa ncha ya kila kidole kwa zamu: gumba, shahada, cha kati, cha pete, cha mwisho. Kidole cha pete kiguse pande zote mbili, upande unaotazama cha kati na upande unaotazama kidole kidogo. Kisha chukua kalamu, chora kiganja chako kwenye karatasi, na upake wino pale penye ganzi. Kazi yenyewe ni ya dakika mbili, na karatasi hiyo inaweza kumsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa.

Nikueleze kwa nini. Mshipa wa fahamu unaohudumia gumba, shahada, kidole cha kati na nusu ya kidole cha pete unaingia kiganjani kwa kupita kwenye njia nyembamba hapo kwenye kifundo cha mkono. Chini ya njia hiyo kuna vifupa vya kifundo, na juu yake kuna utepe mgumu usiotanuka. Mshipa huo haupiti peke yake. Unapita pamoja na kano tisa zinazokunja vidole, na kano hizo zikivimba kidogo tu, au maji ya mwili yakiongezeka, nafasi haiongezeki. Kinachobanwa ni ule mshipa, kwa kuwa ndio mlaini kuliko vyote vilivyomo. Madaktari hospitalini huiita hali hii kapal tanel. Kidole cha mwisho kinahudumiwa na mshipa mwingine unaopita nje ya njia hiyo, ndiyo maana husalimika. Kwa hiyo ukikuta ganzi iko kwenye gumba hadi kidole cha kati na cha mwisho kiko huru, dalili zinaelekea kifundoni. Ukikuta ni kidole cha mwisho na nusu ya cha pete ndivyo vinavyokufa ganzi, mshipa unaosumbuliwa huenda unabanwa kwenye kiwiko, na hapo banzi la kifundo, yaani kile kifaa kigumu cha kuushika mkono unyooke ukiwa umelala, halitakusaidia kitu. Na kama ganzi inashuka kutoka shingoni kupitia begani kila unapogeuza kichwa, basi shingo nayo inahitaji kuangaliwa.

Sasa, kwa nini usiku? Mtu akilala hukunja vifundo vya mikono bila kujua. Kuna anayelalia mkono chini ya shavu, kuna anayeusukumiza chini ya mto, na kuna anayemkumbatia mtoto mpaka asubuhi kifundo kikiwa kimepinda. Kifundo kikikunjwa kuelekea ndani, au kikapindwa kuelekea nyuma, shinikizo ndani ya ile njia hupanda. Kikinyooka, hushuka. Pia tukilala, maji yaliyotuama miguuni mchana kutwa husambaa mwilini, na sehemu yake hufika mikononi. Na ile hisia kwamba vidole vimevimba huku macho hayaoni uvimbe wowote, inatoka kwenye mshipa wenyewe uliobanwa. Na huko kukung'uta mkono ukapoa ni mojawapo ya dalili ambazo sisi tulizisikiliza kwa makini sana, kwa sababu mtu mwenye mshipa uliobanwa kifundoni hukung'uta bila kufundishwa na mtu.

Ile hali ya wakati wa mimba nayo ni ya kweli na wala si bahati mbaya. Mimba huongeza maji mwilini, njia ile hubana, na mara nyingi hali hutulia baada ya kujifungua kama ilivyotulia kwako. Imekuonyesha kwamba kifundo chako kina nafasi ndogo ya kuvumilia. Naomba nikuulize hili pia kwa upole: je, kuna uwezekano wowote kwamba una mimba sasa? Kama upo, pima kabla ya kumeza kidonge kingine cha daiklofenaki.

Kuhusu dawa ulizopewa, sikulaumu wewe wala aliyekuuzia. Daiklofenaki hutuliza maumivu ya namna nyingine, lakini kwa mshipa uliobanwa kifundoni haijaonyesha faida ya maana, na ukiirudia mara kwa mara inaweza kukuletea vidonda vya tumbo, ikapandisha presha na kuumiza figo. Vitamini B zinamfaa aliyepungukiwa nazo. Ila B6 ikitumiwa kwa dozi kubwa kwa muda mrefu inaweza yenyewe kuleta ganzi ya mikono na miguu, kwa hiyo usiendelee kununua vidonge hivyo ukidhani havina madhara.

Mama mkwe usigombane naye. Kama kisomo kinakutuliza moyo, soma, na banzi livae vilevile. Jambo ambalo lingenisumbua mimi ni kungojea kisomo peke yake huku mshipa unaendelea kubanwa. Mume naye hajakosea sana anaposema uchovu, maana mikono inayosuka siku nzima inachoka kweli. Lakini uchovu wa kawaida hauamshi mtu saa nane usiku kwa vidole vitatu vya kwanza, halafu ukatulia kwa kukung'uta.

Nije kwenye bandeji za madukani, maana hapo ndipo wengi hupoteza hela. Zipo za aina mbili. Aina ya kwanza ni kitambaa cha kuvutika tu, kama soksi ya mkono. Hiyo inatoa joto na kubana, ila haizuii kifundo kukunjika, na ikibana sana inaongeza tatizo lenyewe. Aina ya pili ina bati au plastiki ngumu iliyoingizwa kwenye mfuko upande wa kiganja, na ina mikanda ya kubandika. Hiyo ndiyo banzi ninalolisema. Hata hiyo ina kasoro moja ambayo wauzaji hawaielezi: nyingi hutoka kiwandani bati likiwa limepindwa, kwa hiyo ukilivaa mkono unasimama umeelekea nyuma, kama unamsimamisha dereva wa daladala. Mkao huo unabana mshipa vilevile. Utoe bati kwenye mfuko wake, ulinyooshe kwa mikono au kwa kulikanyagia kwenye sakafu, kisha ulirudishe. Halafu vaa, weka mkono mezani ukiwa ubavuni, gumba likiwa juu, na utazame kutoka juu. Mgongo wa mkono unapaswa kuendelea mstari mmoja na kigasha, usipinde nyuma wala ndani.

Angalia na urefu wake. Banzi zuri linaishia kwenye ile mikunjo ya kiganja iliyo chini ya vidole, siyo juu yake. Ukiwa umelivaa uweze kufumba ngumi na kugusisha gumba na kidole cha mwisho. Likivuka hapo, vidole vitaamka vimekakamaa. Mikanda usiikaze sana: ncha ya kidole chako kidogo ipite chini yake, na ukibonyeza kucha ikawa nyeupe, wekundu urudi mara moja. Ukiamka na alama za mikanda ambazo hazifutiki upesi, au ganzi imehamia kidole cha mwisho ambacho jana kilikuwa kizima, umekaza mno.

Kama hela ya banzi haijapatikana wiki hii, unaweza kuanza na cha nyumbani. Kata kipande cha boksi gumu chenye upana wa kiganja, kianzie mikunjo ya kiganja kifike katikati ya kigasha. Kifunike kwa kitambaa laini, kiweke upande wa kiganja, kisha zungushia krepu bandeji bila kuivuta. Hakitadumu, ila kitakuonyesha kama kulala mkono ukiwa umenyooka kunakubadilishia usiku wako.

Banzi livaliwe kila usiku kwa wiki sita, hata usiku ambao mkono hausumbui. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanavaa siku nne, wanalala vizuri, wanalitupa kabatini, baada ya siku kumi wanasema halifanyi kazi. Wapo wanaopata nafuu ndani ya wiki ya kwanza, wapo wanaongoja zaidi, na wapo ambao halitawatosha. Kwako mikono yote miwili inasumbua, kwa hiyo anza na ule mbaya zaidi ikiwa kulala na mabanzi mawili kunakunyima usingizi. Na kama kuna mtoto anayelala kitandani kwenu, hilo bati lisije likampiga, mlaze upande wa pili.

Mchana wakati wa kusuka sikushauri ulivae. Utasuka ukishindana nalo, na nguvu itahamia kwenye kiwiko na bega. Mchana tunabadilisha mkao. Wasusi wengi nimewaona mteja kakaa kwenye kistuli cha chini, msusi kasimama kainama, na vifundo vyake vimekunjwa kuelekea ndani kuanzia asubuhi. Jaribu kumpandisha mteja au wewe ukae, mpaka kichwa chake kiwe karibu na usawa wa viwiko vyako, kisha utazame vifundo vyako kwenye kioo cha saluni. Ukifika kisogoni au nyuma ya sikio, mgeuze mteja, usigeuze kifundo. Rasta ndogondogo ndizo zinazochosha zaidi kwa kuwa gumba na shahada vinabana muda wote bila kuachia. Ukiweza, usizipange mbili kwa siku moja, katikati weka mteja wa kubana nywele au wa rasta nene. Na kila ukimaliza mistari michache, achia, nyoosha vidole, teremsha mikono. Kukamua nguo nzito kwa wiki hizi waachie wengine nyumbani, na hilo mume anayekwambia upumzike ataweza kukusaidia kwa vitendo. Simu nayo: ukimaliza kusuka usiishike kwa mkono uleule nusu saa kifundo kikiwa kimekunjwa.

Sasa nikwambie kilichonifanya nisiseme tu vaa banzi, tuone. Ganzi ya usiku peke yake, inayopoa, mtu anaweza kuijaribia banzi wiki sita kwanza. Yako imeingia mchana, na unaangusha vitu. Hiyo inaweza kuwa ni ganzi tu, yaani vidole havihisi kitana kwa hiyo vinakiachia. Au inaweza kuwa nguvu yenyewe imeanza kupungua. Tofauti hiyo ni kubwa, na unaweza kuanza kuiangalia mwenyewe. Weka mkono mezani, kiganja kikitazama juu. Inua gumba lisimame kuelekea darini. Kwa kidole cha mkono mwingine lisukume chini kuelekea kiganjani huku lenyewe linakataa. Fanya pande zote mbili, kisha mwombe mtu mzima mwingine nyumbani afanye lake ulinganishe. Halafu tazama kile kinofu kilicho chini ya gumba. Kiwe kimetuna pande zote mbili. Kama upande mmoja umebonyea au umekuwa bapa, mshipa umebanwa kwa muda mrefu na misuli inanyauka. Kinofu hicho kikishakonda sana, hata mshipa ukifunguliwa huenda kisirudi kama zamani.

Kwa hiyo swali lako la kuvumilia mpaka Idi, mimi naligawa. Ukikuta gumba linakataa vizuri, kinofu kimejaa, na mchana ganzi inakuja na kuondoka, anza banzi usiku huu, na uende ukapimwe ndani ya wiki chache. Ukikuta gumba ni dhaifu, kinofu kimebonyea, au ganzi haiondoki kabisa mchana na usiku, hapo kungoja kuna gharama ambayo huwezi kuilipa baadaye, nenda wiki hii. Na ukishindwa kujua liko upande gani, hiyo nayo ni sababu ya kwenda.

Kwenda kupimwa hakumaanishi kupasuliwa. Anza kituo cha afya kilicho karibu nawe, na ukihitajika utaandikiwa rufaa kwenda hospitali ya Bombo. Watakuuliza, watakuangalia shingo, kiwiko na kifundo, watakugongagonga juu ya kifundo, watakukunjisha vifundo kwa dakika moja waone kama ganzi inakuja. Vipimo hivyo havikati shauri peke yake, lakini vikiunganishwa na ule mchoro wako vinatosha mara nyingi kuanza matibabu. Kipimo cha umeme cha mishipa ya fahamu kipo kwenye hospitali kubwa chache, na hutumika zaidi pale ambapo kuna mashaka au kabla ya upasuaji. Usikubali kurudishwa nyumbani bila matibabu kwa sababu tu hakipo.

Omba wapime sukari. Hilo umeliwaza mwenyewe na una haki. Kisukari kinafanya mishipa ya fahamu iumie kirahisi, na mikono yote miwili ikianza bila ajali yoyote ni vizuri kujua. Lakini ganzi ya kisukari chenyewe kwa kawaida huanzia vidole vya miguu na kupanda, kwa hiyo waambie kama miguu iko salama. Waambie pia kama umenenepa ghafla, unahisi baridi na uzito usio wa kawaida, kwa sababu tezi ya shingo ikifanya kazi polepole nayo huleta hali hii. Viungo vikiwa vinavimba na kukakamaa asubuhi, sema. Na mtu anayetumia dawa za kifua kikuu aseme, kuna mojawapo inayoweza kuleta ganzi.

Banzi lisipotosha, hatua inayofuata huwa ni sindano ya steroidi kwenye kifundo. Utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2018 ulilinganisha sindano moja na banzi la usiku, na waliopata sindano walikuwa na nafuu zaidi walipofika wiki ya sita. Nafuu hiyo kwa wengi ni ya wiki au miezi, kisha dalili huweza kurudi. Ukigundulika na kisukari, sindano hiyo inaweza kupandisha sukari kwa siku kadhaa. Kwa mtu mwenye msimu wa kazi mbele yake, kama nguvu ya gumba bado ipo, sindano ni jambo la kuzungumza na daktari. Kama nguvu imeshaanza kwenda, sindano inaweza kuficha dalili huku mshipa unaendelea kuumia, na hapo wengi hushauri upasuaji.

Kuhusu jirani wa dada yako, simjui na siwezi kusema kilichompata. Upasuaji wenyewe ni kukata ule utepe mgumu ili njia ipanuke. Hufanywa kwa ganzi ya mkono tu, na kwa kawaida mtu hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Wengi hulala vizuri mapema baada ya hapo. Ila kiganja, hasa kwenye kisigino chake, huweza kuuma kinapoegemezwa au kinapokamua kwa wiki nyingi, pengine miezi, na nguvu ya kushika hurudi taratibu. Huenda jirani alipasuliwa akiwa amechelewa sana, au hakurudi kwa mazoezi, au alikuwa miongoni mwa wachache waliopata madhara, maana wapo: kovu linalouma, maambukizi, na mara chache mshipa kujeruhiwa. Muulize dada, kabla ya upasuaji mkono wa yule mama ulikuwaje? Jibu lake litakufaa kuliko hadithi ya baada.

Kuna mambo machache ambayo yakitokea hupangi ratiba wala huvai banzi, unakwenda hospitali saa hiyohiyo. Ganzi au udhaifu unaokuja ghafla upande mmoja wa mwili, mdomo ukapinda au ulimi ukawa mzito, hicho kinaweza kuwa kiharusi. Mikono kufa ganzi pamoja na miguu kuwa mizito, kutembea kwa kuyumba, au kushindwa kuzuia haja, hiyo huenda ni shingo. Kuanguka na kuvunjika kifundo, kisha ganzi ikaongezeka kwa haraka. Na kama kweli kuna mimba, kuvimba mikono na uso pamoja na kichwa kuuma sana au macho kuona vimulimuli ni dharura ya mama na mtoto.

Hofu yako kubwa nadhani si kisu, ni kuambiwa uache kusuka. Daktari anaweza kukwambia hivyo, kwa sababu ni rahisi kusema. Mwambie wazi kwamba huna kazi nyingine, mweleze unasuka saa ngapi kwa siku na staili gani zinakuumiza, kisha umwombe mpange mkiwa na hilo mezani. Mikono miwili kwa kawaida haifanywi siku moja, kwa hiyo hata upasuaji ukihitajika unaweza kuanza na mmoja. Wewe unajua kalenda yako kuliko mimi: Shaabani harusi zimejaa, lakini Ramadhani ikianza saluni hupoa mpaka kumi la mwisho. Kama uchunguzi ukionyesha kuna muda wa kungoja, hizo wiki za kupoa ndizo za kuombea tarehe ya kliniki au sindano. Kama hakuna muda, zungumza na mwenye saluni mapema kuhusu kodi ya kiti, na mtafute msusi mwenzako wa kugawana naye rasta ndogo, wewe ukabaki na zile nene na kubana. Najua hilo si dogo ikiwa nyumbani kwenu tayari wasusi hao wanashukiwa, na wewe ndiye unayewajua ni nani wa kumwendea.

Ukienda, chukua mchoro wa kiganja, paketi za dawa ulizotumia, na banzi ulilonunua, wakuangalie kama limekaa sawa. Niandikie baada ya hapo, uniambie kidole cha mwisho kilikuwaje.

Shangazi